Bosi Anaweza Kukupa Alama Mbaya, Lakini Hawezi Kukunyima Tarehe

Ijumaa ya tarehe 29 Julai 2022 nilimaliza atachi yangu ya wiki 12 kwenye stoo ya kampuni moja pale Indastriali Eria, Nairobi. Wasee wa stoo walininunulia soda na keki, tukapiga picha mbele ya foklifti. Supavaiza wangu akanipa mkono akasema, "Kijana, umefanya kazi poa."

Fomu yangu ya tathmini ilikuwa kwenye droo yake, haijajazwa hata kisanduku kimoja. Nikamuuliza kama naweza kuingojea. Akaangalia saa. "Kuja wiki ijayo, nitakuwa nimeimaliza. Na barua yako pia nitaambia ofisi iandike."

Nikasema, "Sawa, bosi." Hiyo "sawa" ilinigharimu mwaka mzima.

Wiki ijayo ilikuwa ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu. Kura ilikuwa Jumanne, tarehe 9 Agosti, na nusu ya ofisi ilikuwa imeshaenda ocha. Nilifika Jumatano nikaambiwa supavaiza amechukua likizo. Kura ikapigwa, watu wakangoja matokeo. Matokeo yakatoka, watu wakangoja Mahakama ya Juu. Niliporudi katikati ya Septemba, bosi wangu alikuwa amehamishwa hadi tawi la Eldoret. Aliyekalia kiti chake alifungua ile droo mbele yangu, akatoa chaja, kalenda ya zamani na bunda la risiti. Fomu haikuwemo. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo siwezi kumlaumu nayo: "Mimi sikukuona ukifanya kazi. Sasa nitaandika nini?"

Nimekuwa nikifikiria hilo swali tangu siku hiyo, na ndiyo maana naandika hii. Nadhani wengi wetu tunaomba hizi karatasi vibaya kwa sababu hatujaelewa kwamba ni vitu viwili tofauti kabisa. Tunasema "karatasi zangu" kama ni bahasha moja, tunaziomba pamoja, kwa mtu mmoja, siku ya mwisho, na sauti ya mtu anayeomba nauli.

Fomu ya tathmini si yako. Ni ya chuo. Chuo ndicho kilichoichapisha, na kinachotaka kujua ni maoni: huyu mwanafunzi alifika kwa wakati? Alifanya kazi bila kusukumwa? Alielewana na watu? Anaweza kuaminiwa na kazi peke yake? Anayeweza kujibu ni yule tu aliyekuona kila siku, na majibu yake ni siri kati yake na chuo. Ndiyo maana vyuo vingi vinataka irudi ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri.

Barua ya kumaliza, au cheti kama kampuni yako inatoa cheti, ni yako. Hiyo haiulizi maoni ya mtu. Inasema ukweli mkavu: fulani alikuwa hapa, idara hii, kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, akifanya kazi hizi. Anayeisaini si lazima akujue. Anahitaji rekodi tu, na rekodi ziko ofisi ya wafanyakazi.

Ukishaona hiyo tofauti, utaona kwa nini yule bosi mpya alikuwa sahihi nusu na amekosea nusu. Alikuwa sahihi kukataa kujaza fomu, kwa sababu angekuwa anatunga maoni ambayo hana. Lakini kwa pumzi hiyo hiyo alikataa kunisaidia na barua pia, na hapo alikosea. Jina langu lilikuwa kwenye rejista ya soja wa geti kwa siku 60. Barua ya kunikubali kwenye atachi ilikuwa na saini ya kampuni yake. Alama ni maoni ya bosi. Tarehe si maoni ya mtu yeyote.

Sheria ya Kenya yenyewe inaona tofauti hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi, mradi kazi imedumu angalau wiki nne mfululizo. Na kinachotakiwa humo ni vitu vikavu: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, aina ya kazi na mahali pa kazi, tarehe ya kumaliza. Kifungu hicho hicho kinasema mwajiri halazimiki kukuandikia sifa wala maoni kuhusu tabia na utendaji wako. Ukweli ni haki, sifa ni hiari.

Lakini tusidanganyane. Kifungu hicho kinaongea kuhusu mfanyakazi, yaani mtu aliyeajiriwa kwa mshahara, na kinawahesabu pia wanagenzi wenye mkataba. Kama wewe ni intani mwenye mkataba na malipo ya kila mwezi, una mahali pa kusimama. Kama uko atachi ya chuo bila malipo, kama nilivyokuwa mimi, usiingie ofisini ukipunga sheria hiyo. Watakuuliza mkataba wako wa kazi uko wapi na hutakuwa nao. Nguvu yako iko kwingine: kwenye barua ya kukubaliwa, kwenye logbuku iliyosainiwa kila wiki, na kwa chuo kilichokutuma. Na zaidi ya yote iko kwenye muda unaochagua kuomba.

Hapo sasa nikwambie vile dadangu mdogo alifanya, kwa sababu yeye aliona nikiteseka na akaamua hayatampata. Alikuwa atachi mwaka jana kwenye ofisi moja ya kaunti, upande wa rekodi. Wiki 12 vilevile.

Siku ya kwanza kabisa alisoma fomu ya tathmini. Mimi niliiweka kwa bahasha ya kaki nikaifungua wiki ya 11. Yeye aliiona ni kama umepewa mtihani miezi mitatu kabla ya kuufanya. Kulikuwa na kisanduku cha "kujituma bila kuagizwa", kwa hiyo akajua kuna mtu atatakiwa kukumbuka mfano wa hicho kitu. Kulikuwa na nafasi ya idadi ya siku ambazo hakufika. Akawa anaandika kwenye logbuku kila siku aliyokosa na sababu, hata ile siku mbili alizougua, na kuipata saini.

Wiki ya kumi, Jumatatu, aliomba. Si wiki ya 12. Sababu yake ilikuwa rahisi: mtu akiwa na likizo, semina, msiba au kazi ya mwisho wa mwezi, bado kuna wiki mbili za kumtafuta. Na aliomba mara mbili, kwa watu wawili.

Kwa supavaiza alienda mwenyewe, asubuhi, kabla mistari haijajaa dirishani. Alibeba fomu, logbuku, na ukurasa mmoja aliouandika kwa mkono. Kwenye huo ukurasa aliorodhesha kazi tano alizofanya na wiki alizozifanya. Supavaiza ni binadamu, na wiki ya kumi hakumbuki kwamba wiki ya pili wewe ndiye uliyepanga faili 400 zilizokuwa zimechanganyika. Ukimwachia fomu tupu bila kumbukumbu, atapiga alama za katikati kila mahali, ili amalize. Huo si uchoyo. Hana data.

Maneno yake yalikuwa haya, karibu neno kwa neno: "Madamu, namaliza tarehe 28. Hii ndiyo fomu ya chuo, inatakiwa irudi ikiwa imefungwa. Nimekuandikia kazi nilizofanya ili isikusumbue kukumbuka. Naweza kuijia Jumatatu ijayo?" Ona kwamba hakusema "ukipata nafasi". "Ukipata nafasi" ni tarehe ambayo haiko kwenye kalenda yoyote. Alitaja siku, halafu akanyamaza.

Pia alimuuliza kitu kingine, na mimi naona hii ndiyo ilikuwa akili kubwa: "Kuna kitu ungependa nirekebishe kabla sijaondoka?" Madamu akamwambia anaongea kwa simu sana akiwa kwa dawati. Dadangu alikasirika, akanipigia analalamika. Lakini alikuwa na wiki mbili za kubadilisha, na fomu ilikuwa haijajazwa. Ukiuliza hilo swali baada ya bahasha kufungwa, unachopata ni aibu peke yake.

Kwa ofisi ya wafanyakazi alituma imeli, kwa sababu imeli inabaki na tarehe. Wewe labda utaandika kwa Kizungu, lakini kilichokuwa ndani ni hiki:

"Kwa heshima naomba barua ya kuthibitisha kwamba nimekuwa mwanafunzi wa atachi katika idara ya rekodi. Nilianza Jumatatu ya tarehe hii na nitamaliza Ijumaa ya tarehe hii. Jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho ni hili, nambari yangu ya chuo ni hii. Nimeambatisha barua yenu ya kunikubali na rasimu ya barua, mkiona inafaa. Nitarudisha beji siku ya mwisho na nitashukuru nikiweza kuichukua barua siku hiyo."

Rasimu ndiyo inafanya kazi. Watu wengi wanaona ni kiherehere kumwandikia bosi barua yake. Si kiherehere. Barua yako haikawii kwa sababu mtu anakuchukia. Inakawia kwa sababu mtu lazima akae chini, atafute jina lako linaandikwaje, akumbuke ulianza lini, aulize idara ulifanya nini. Ukimpa hayo yote, kazi yake inabaki kusoma, kubadilisha neno moja mbili, kuchapisha kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, kusaini na kupiga muhuri. Rasimu iwe na ukweli pekee. Ukijiandikia "mchapakazi asiye na kifani", umeharibu, kwa sababu sasa unamwomba asaini maoni, na maoni lazima ayafikirie.

Wiki ya 11 fomu ilikuwa tayari. Barua ilichelewa hadi siku ya mwisho mchana, kwa sababu ilibidi kwanza akapate saini za kurudisha vitu: beji, koti la kazi, na funguo ya kabati. Hili pia mtu hakwambii. Mahali pengi barua haitoki kama bado una mali yao, na unaweza kukaa mwezi mzima ukifikiri unanyanyaswa, kumbe una beji yao ndani ya begi.

Alipopewa barua hakuiweka kwa begi na kukimbia. Alisimama pale dirishani akaisoma. Jina la pili lilikuwa limeandikwa vibaya, herufi moja imeruka. Akaomba irekebishwe, na ikachukua dakika tano kwa sababu yule sekretari bado alikuwa na faili wazi. Miezi sita baadaye hiyo herufi moja ingemrudisha kwa matatu, nauli kwenda na kurudi, na maswali ya "wewe ni nani tena?"

Kwa hiyo ukiipata, soma hapo hapo. Jina lifanane na kitambulisho. Tarehe ziwe kamili, na mwaka uwepo, si "Mei hadi Agosti" ya mwaka usiojulikana. Tarehe hizo zifanane na za logbuku na za fomu, kwa sababu chuo kitaziweka kando kwa kando, na wiki ikipungua hapa au pale, kazi ya kueleza inakuwa yako. Kuwe na saini, na chini ya saini jina na cheo cha aliyesaini, kwa sababu mkwaruzo bila jina hauwezi kupigiwa simu na mwajiri anayefuata. Na muhuri, ambao ukiwa na tarehe yake ni bora zaidi.

Fomu huwezi kuisoma, na usijaribu. Ukifungua bahasha umeiua. Lakini kabla haijafungwa unaweza kusema kwa adabu, "Bosi, naomba uangalie kama kila ukurasa una saini, kuna wa nyuma watu husahau." Kisanduku kilichoachwa wazi hakimwambii lekchara kwamba bosi alisahau. Kinamwambia hakukuwa na alama ya kuweka. Ukifikisha bahasha chuoni, omba kusaini kitabu cha kupokelea, na upige picha ya bahasha ikiwa bado imefungwa. Fomu hupotea pande zote mbili.

Na mimi je? Niliokolewa na vitu viwili. Logbuku yangu ilikuwa na saini za wiki zote 12, na lekchara aliyenitembelea wiki ya saba alikumbuka stoo ile. Mratibu wa atachi chuoni akanipa fomu mpya na akaiandikia kampuni barua. Kampuni ikatoa nambari ya tawi la Eldoret. Fomu ikaenda na basi, ikakaa, ikarudi imejazwa vizuri kabisa, lakini na muhuri wa Eldoret. Chuo kikauliza: ulikuwa atachi Nairobi, mbona muhuri ni wa Eldoret? Ikabidi bosi aandike barua nyingine fupi kueleza alihamishwa. Kufikia hapo orodha ya mahafali ilikuwa imefungwa. Wenzangu walivaa majoho, mimi nilikuwa mpiga picha wao. Mamangu alikuwa ameshanunua kitambaa cha kushona nguo ya siku hiyo. Aliikunja akaiweka kwenye sanduku, hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliuma kuliko yote.

Miezi hiyo nikingoja, kuna msee aliniambia niende River Road tu nitengenezewe muhuri, "dakika kumi, umemaliza". Sitajifanya sikufikiria. Lakini kughushi hati ni kosa la jinai, na hata ukiweka sheria kando, chuo kinaweza kuinua simu kupigia kampuni. Ungekuwa umegeuza kosa la mtu mwingine kuwa lako. Mimi nilikuwa na haki upande wangu na logbuku ya kuithibitisha. Sikuona kwa nini niiuze kwa muhuri bandia.

Sasa nina neno kwa mabosi, kama kuna mmoja anasoma. Mpe mwanafunzi alama unazoona anastahili. Kama alichelewa kila siku, andika alichelewa kila siku. Hakuna mtu anakuomba uongo. Lakini barua ya tarehe usiifanye fimbo. Nimesikia wasee wakiambiwa "kwanza uje Jumamosi mbili utusaidie kuhesabu mali, ndiyo tutoe barua". Nimesikia wengine wakiambiwa barua ni ya "waliofanya vizuri" pekee. Hapana. Aliyefanya vibaya pia alikuwepo. Kijana amekufanyia kazi wiki 12, mara nyingi bila malipo, kwa nauli ya mzazi wake. Dakika 20 za kujaza fomu na mistari sita ya barua ni sehemu ya kazi uliyoikubali siku uliposaini kumpokea.

Na kwako uliye wiki ya tisa sahii, unaona haya kuuliza kwa sababu hutaki kuonekana msumbufu: nilikuwa hivyo. Nilimpenda yule bosi, na yeye alinipenda, na ni kweli alikusudia kuijaza. Shida ni kwamba nia yake nzuri ilikuwa ndani ya droo Nairobi, na yeye mwenyewe alikuwa Eldoret. Jumatatu ingia na fomu, logbuku na ule ukurasa mmoja. Taja siku. Halafu unyamaze, umwache aangalie kalenda yake.